Kwa mdogo wangu, kabla hujaingia stendi na mtoto

Mdogo wangu mpendwa,

Umeniambia utasafiri na mwanao wa miaka miwili na nusu, na kwamba rafiki yako atakusindikiza hadi kituo cha mabasi. Nimefurahi kwamba hutakuwa peke yako. Lakini barua hii naiandika kwa sababu hiyo hiyo, maana siku mwanangu alipopotea stendi tulikuwa watu wazima wawili.

Nilikuwa natafuta nauli mkobani. Nilimwachia mkono nikijua wifi yangu yuko kando yangu. Naye wifi aliinama kufunga mzigo akijua mtoto yuko kwangu. Hakuna aliyezembea, kila mmoja alimwamini mwenzake bila kusema neno. Nilipoinua kichwa na chenji mkononi, mtoto hayupo. Tulimkuta baada ya dakika nne hivi, amechuchumaa nyuma ya basi lililosimama, akichezea kokoto karibu na tairi. Halii wala haogopi. Dereva angerudi nyuma asingemwona, kwani mtoto wa kimo kile, tena amechuchumaa, haonekani kwenye vioo.

Tangu siku hiyo tuna mazoea ambayo nakuomba na wewe uyafuate. Anayempa mwenzake mtoto huuliza, "Umemshika?" Hamwachii mpaka asikie, "Nimemshika." Kutikisa kichwa hakutoshi, kwa sababu anayetikisa kichwa huenda anaitikia jambo lingine. Mwambie rafiki yako mapema, ili asione kama unamtilia shaka.

Wakati mbaya kuliko wote ni ule unaohitaji mikono miwili: kulipa, kuhesabu chenji, kupokea simu, kunyanyua begi. Kama uko peke yako wakati huo, mfunge mgongoni kwa mbeleko kabla hujafungua pochi. Akikataa kubebwa, msimamishe kati yako na meza ya muuzaji, magoti yako yamguse mgongoni. Akisogea utahisi. Nauli iweke mfuko wa nje tangu nyumbani, usije ukapekua mkoba mzima katikati ya watu. Wakati wa kupanda basi, mtoto awe mikononi mwako na mizigo ifuate. Usimtangulize ndani huku wewe umebaki chini unabishana na kondakta.

Mkitembea, mshike kifundo cha mkono, si vidole. Vidole vyake huteleza kwa jasho. Ila usimvute juu kwa ghafla anapojitupa chini. Kwa watoto wa umri huu mfupa wa kiwikoni huweza kuteguka kwa mvuto mmoja tu. Inama umbebe.

Asubuhi ya safari mpige picha nzima akiwa tayari amevaa na viatu. Hofu hufuta kumbukumbu: mimi nilipoulizwa rangi ya shati, nilitaja ya jana. Namba yako ya simu iandike kwa kalamu ya wino upande wa ndani wa mkono wake, chini ya mkono wa shati. Jina lake usiliandike mahali panapoonekana, kwa kuwa mtoto humfuata kirahisi mgeni anayemwita kwa jina.

Akipotea, usizunguke kimya kimya kwa kuona aibu. Mimi nilipoteza dakika ya kwanza hivyo, na bado inaniuma. Paza sauti, na usiite jina peke yake, kwa sababu wanaokusikia hawamjui. Sema wanachoweza kukiona: "Mtoto wa kiume, miaka miwili, shati la njano, hana kofia!" Mmoja wenu abaki pale alipoonekana mara ya mwisho. Mwingine aende kwanza penye hatari, yaani kwenye magari, mitaro na lango la kutokea, kabla ya kuangalia vibandani. Kama uko peke yako, mwombe muuzaji aliye karibu asimame pale mahali pako, na walinzi wa langoni wapate habari mara moja. Tazama chini pia, chini ya meza na nyuma ya magunia, maana mtoto huyu huangalia dunia kwa kimo cha magoti ya watu.

Usimtegemee yeye akutafute. Umri wake hajui kwamba amepotea mpaka akukose kabisa, na maelekezo ya "simama hapo hapo" anayasahau akiona kitu kinachong'aa. Mwakani unaweza kuanza kumfundisha jina lako kamili, na kwamba akikukosa amfuate mama mwenye watoto. Safari hii kazi yote ni yenu wawili.

Mkifika, nipigie. Na ukishuka, mshushe akiwa kifuani mwako. Begi atalishusha mwingine.

Dada yako