Utangulizi nimeukariri vizuri mno, sasa nasikika kama nasoma

Wakuu habari zenu, naombeni ushauri. Kuna usaili uko mbele yangu na najua swali la kwanza litakuwa lile la "tueleze kidogo kuhusu wewe". Utangulizi nimeshauandika, wa kama dakika moja hivi, nimeukariri neno kwa neno na siukosei. Shida nikiutoa tu, yeyote anayesikiliza anajua huyu katoka kukariri.

Nimejirekodi kwa simu nikasikiliza. Sauti inashuka vilevile mwisho wa kila sentensi, kupumzika hakuna, na kadiri naenda ndo nazidi kukimbia, utadhani nawahi kumaliza kabla sijasahau. Halafu dada yangu akinikatisha katikati, hata kwa kitu kidogo tu kama "umesema miaka mingapi?", namjibu vizuri ila baada ya hapo sijui narudi wapi, inabidi nianze upya kwenye "Naitwa". Yaani kila sentensi inaivuta inayofuata, ikikatika moja zote zimeenda.

Nahisi tatizo lingine ni maandishi yenyewe. Nilikuwa nimeandika "Mimi ni mhasibu mwenye uzoefu wa miaka sita katika usimamizi wa mikopo, ambapo nimeshiriki kikamilifu katika ufuatiliaji wa marejesho." Sasa nani anaongea hivyo jamani? Nikamwambia dada aniulize kama tunapiga stori tu, unafanya kazi gani, nikamjibu "Mi mhasibu, mwaka wa sita huu niko kwenye mikopo, kazi yangu kubwa ni kufuatilia wanaochelewa kulipa." Hiyo nikaiandika kama ilivyotoka, na kweli inatoka mdomoni bila shida.

Nikaona basi niachane na karatasi, nibaki na vichwa vinne tu: mhasibu, marejesho, mfumo mpya, kwa nini hapa. Kila nikirudia maneno yanakuja tofauti, hata nikianzia kwenye mfumo mpya naenda nao, na dada akinikatisha hainisumbui tena. Ila likazuka jingine, ile dakika moja inakuwa tatu, nikifika kwenye mfumo mpya naanza kueleza mpaka nani aliukataa na kwa nini, halafu mwisho naishia na "ndo hivyo" kwa sababu sina pa kufungia.

Sasa nawaza nikariri sentensi ya kwanza na ya mwisho tu, katikati niende na vile vichwa. Ya kwanza kwa sababu hapo ndo presha iko juu, ya mwisho ili nijue pa kusimama. Nimeijaribu hiyo pia, lakini kwenye rekodi unasikia kabisa nikifika ya mwisho sauti inarudi ileile ya kukariri.

Kwa mliowahi kupambana na hili, hiyo sentensi ya kufunga mnaizoezaje mpaka iungane na maneno mengine? Na pale katikati, mnajuaje mmeshazidisha muda bila kuchungulia saa mbele ya watu?