Shoga, nisomee kabla ya Ijumaa

Tanga, Jumapili usiku

Shoga yangu Rehema,

Salaam nyingi. Sisi wazima, ila umeme tu ndio unakuja na kuondoka kama mgeni asiyejua aingie au atoke. Mjomba Kombo anakusalimia na anauliza ile dawa ya goti imefikia wapi. Najua nimekaa kimya tangu Idi, usinisute, tutagombana nikija. Leo nina shida, na nina siku tano tu.

Ile kazi ya uhasibu niliyokwambia, mwisho wa kupokea maombi ni Ijumaa. Wanataka ujumbe mfupi wa maombi kwa barua pepe, na wasifu umeambatishwa, basi. Wewe unakaa kwenye hizo kamati, unasoma maombi ya watu hadi macho yanauma, ndiyo maana nimekukimbilia wewe. Shida yangu unaijua: pengo la miaka mitano bila ajira. Mshahara wangu wa mwisho ni wa Mei 2020.

Mara ya kwanza niliandika yote. Nilianzia siku Mama alipoanguka jikoni na upande wa kulia ukafa, nikaja kwenye mazoezi ya viungo, nikaeleza nilivyokuwa namgeuza usiku asipate vidonda vya mgongo. Nikalia, nikajipangusa, nikasoma upya. Kazi ninayoomba nimeitaja mwishoni kabisa, baada ya matanga! Yule atakayesoma anatafuta mtu wa kulipa wauzaji na kuandaa ritani za kodi, mimi nampa rambirambi za kuandika. Halafu ugonjwa wa Mama ni siri ya Mama. Nikafuta.

Saidi akaniletea yake. Ati kwenye wasifu niweke miaka bila miezi, "2016 hadi 2020", msomaji adhani nilimaliza mwaka. Halafu niseme tangu hapo ni mhasibu wa duka la Mjomba. Nilikaribia kumkubalia, shoga, sikufichi. Lakini mwajiri mpya akitaka kuendeleza michango yangu ya NSSF namba ni ile ile, na taarifa ya michango inaonyesha mwezi wa mwisho nilioingiziwa. Na huyo Mjomba akipigiwa simu kama mdhamini wangu? Unamjua. Atasema, "Zuhura? Kaanza Januari hii, anakuja Jumanne na Alhamisi, na leo kachelewa."

Basi nikaandika mara ya tatu, sentensi moja safi: "Tangu Juni 2020 hadi sasa nimekuwa nikimuuguza mama yangu." Nikaiona fupi, ina heshima, nikaenda kulala nimeridhika. Saa nane za usiku nikashtuka. Mama amefariki Novemba 2023. Nimemwongezea marehemu karibu miaka miwili ya kuumwa ili mimi nipate kazi.

Hapo ndipo nimenasa, Rehema. Kuuguza ni sababu ambayo kila mtu anaielewa, kwa hiyo mtu anatamani kuivuta ifunike pengo zima. Pengo langu si moja. Miaka mitatu na miezi ya kuuguza, sawa. Halafu 2024. Unakumbuka kaka zangu na lile shamba la minazi la Pangani. Mahakama ya Mwanzo ilinipa mimi usimamizi wa mirathi, nikakusanya orodha ya mali, nikapeleka hesabu, kila mtu akanuna, tukamaliza Septemba. Na Oktoba hadi Desemba? Nililala. Sikuomba kazi, sikushika kalamu. Ni Januari ndipo Mjomba alikuja na daftari zake za madeni akazibwaga kitandani kwangu.

Sasa miezi mitatu ya kulala unaiandikaje? Sitaki kusema mirathi ilichukua mwaka mzima. Nimezunguka nayo siku mbili mpaka nikaona neno lililokuwa mbele yangu muda wote: "sikuwa na ajira". Ni kweli kwa miezi yote kumi na miwili, ya mirathi na ya kitanda, na haidai maelezo zaidi. Soma:

"Nina uzoefu wa miaka saba katika uhasibu. Kwa miaka minne ya mwisho nilisimamia malipo ya wauzaji na ritani za kodi ya ongezeko la thamani katika kampuni ya kusambaza vyakula. Niliacha kazi Juni 2020 kumuuguza mzazi, hadi Novemba 2023. Mwaka 2024 sikuwa na ajira. Nilisimamia mirathi ya familia. Tangu Januari 2025 naandika vitabu vya hesabu vya duka la vifaa vya ujenzi siku mbili kwa wiki. Majukumu ya nyumbani yamekwisha, na ninaweza kuanza kazi ya siku zote mara moja."

Ndiyo hiyo. Uzoefu nimeutanguliza makusudi, ili pengo limkute msomaji akiwa ameshajua ninachoweza. Na sikulimalizia pengo chini kabisa, maana kinachosomwa mwisho ndicho kinachobaki kichwani. Nimemalizia na kwamba nipo tayari. "Samahani" na "kwa bahati mbaya" nimezitoa zote mbili, maana sikuiba kitu. Siku mbili kwa wiki nimezitaja mwenyewe kabla Mjomba hajazitaja.

Kwenye wasifu nimeweka miezi ile ile, na kuuguza kumepata mstari wake kama kazi nyingine, tarehe tu bila sifa. Karibu niharibu hapo: wasifu wa zamani ulisema nimeacha Mei, ujumbe unasema Juni. Mshahara wa mwisho ni wa Mei, nikaondoka tarehe mosi Juni. Mimi najua, lakini asiyenijua ataona mtu asiyekumbuka uongo wake. Zote sasa zinasema Juni.

Kinachonisumbua ni neno "alifariki". Lilikuwepo: "hadi alipofariki Novemba 2023". Nikalitoa, kwa sababu sitaki kuhurumiwa na mtu ninayemwomba kazi. Kisha nikaona bila hilo neno atajiuliza kama mgonjwa bado yupo na nitakuwa naomba ruhusa kila Jumatatu. Ndiyo nikaweka ile ya majukumu kwisha. Inatosha? Au inasikika kama nimefurahi kwamba... unanielewa.

Na wakiniita wakaniuliza ana kwa ana, nimeandaa maneno ya nusu dakika: nilimuuguza mama, amefariki, nikamaliza mirathi, nikapumzika miezi mitatu, sasa nafanya kazi. Hiyo ya kupumzika nitaitamka wakiuliza. Niliijaribu mbele ya kioo nikatetemeka pale kwenye "amefariki". Nitaijaribu tena kesho.

Hebu niambie: wewe ukisoma hapo mezani, jicho linakwama wapi? "Mirathi" nibaki nayo au inawafanya wafikirie ugomvi? Sentensi tatu za pengo ni nyingi? Mdhamini nimweke Mjomba kweli, au yule bosi wangu wa zamani ambaye hatujaongea tangu 2020, na kama ni yeye, nimpigie kwanza nimwambie nini? Dawa ya goti ni ya kupaka au ya kumeza? Nijibu hata kwa sauti ukiwa kwenye daladala, ila iwe kabla ya Alhamisi, maana Alhamisi niko dukani na Mjomba hapendi simu.

Wako,
Zuhura