Alituma pesa kwa mkono wake, sasa mimi ndiye ninayedaiwa

Mshauri, jambo.

Mimi ni binti wa miaka 26, naishi Katuba hapa Lubumbashi. Tangu mwaka jana ninafundisha wamama na wapapa wa avenyu yetu kutumia simu za kugusa: kupiga simu ya video, kupokea pesa, kutuma. Saa moja ni franka 2,000, na asiye na kitu ananipa makala ya kupikia au mboga.

Video haina shida kubwa. Wiki ya kwanza kila mmoja anaweka simu sikioni, mtoto wake huko mbali anabaki kutazama hereni. Tunacheka, wanazoea. Taabu iko kwenye pesa.

Kuna jirani wetu, nimwite Mama Mapasa. Mtoto wake yuko Kolwezi na humtumia pesa kila mwisho wa mwezi. Macho yamechoka, Kifaransa cha menyu anakisoma polepole, na akikawia menyu inajifunga, inabidi aanze upya. Kwa hiyo alinitajia kode yake ya siri: "Mwanangu, andika wewe." Niliandika kwa miezi mitatu mbele ya macho yake. Najua nilikosea. Lakini hata ningekataa ningeiona tu, maana ukipita kwa *1122#, *501# au *144#, kwenye simu nyingi zile tarakimu nne zinatokea wazi kwenye kioo. Mtu anayefundisha huwa ameketi pembeni.

Mwezi uliopita, siku ya Jumanne, alikuwa na franka 95,000. Ukaingia ujumbe: amepokea 120,000, jumla sasa ni 215,000. Dakika hiyohiyo mwanaume akapiga, sauti ya upole, anamwita mama: nimekosea namba, hizo ni pesa za hospitali, tafadhali nirudishie. Mama Mapasa ana huruma. Akafungua menyu peke yake, kwa mara ya kwanza bila mimi, akajaribu kutuma 120,000. Simu ikakataa: pesa hazitoshi.

Hapo ndipo ninapoumia. Mimi ndiye niliyemfundisha kwamba simu ikisema pesa hazitoshi na wewe unajua zipo, basi umechagua dola badala ya franka, rudi uchague vizuri. Ndilo kosa lao la kila siku. Akarudi, akachagua franka kwa uangalifu, ikakataa tena. Yule mtu akamwambia: "Basi mama, tuma 90,000, zinazobaki unywe soda." Zikapita. Kode aliiandika mwenyewe, bila kukosea hata tarakimu moja.

Nilipofika Jumamosi nikaangalia simu. Ule ujumbe wa kwanza haukukaa pamoja na jumbe za mtandao, zile zinazotokea chini ya jina la huduma. Ulikuwa umetoka kwenye namba ya kawaida inayoanza na +243, kama ya mtu yeyote. Kama angeuliza salio kwenye menyu badala ya kuamini ujumbe, angeona 95,000 zilezile. Hilo sikuwa nimemfundisha. Nilimfundisha kusoma ujumbe, na alikuwa anajivunia kuusoma.

Tukapiga simu kwa mtandao, wakajibu kwamba pesa zimekwisha kutolewa.

Sasa mtoto wake ananidai. Anasema aliyejua kode ni mimi tu. Nimemwonyesha saa ya kutuma, nimemwonyesha namba ya yule mtu, bado anasema labda ni mwenzangu. Mama Mapasa mwenyewe hanilaumu, ila mbele ya mtoto wake ananyamaza. Mama yangu anataka nilipe nusu ili tuishi vizuri na majirani. Mimi naona nikilipa hata franka 1,000, avenyu nzima itasema nimekiri.

Tena kuna hili la kazi yenyewe. Sasa nikifika kwenye kode nasimama, nageuka, naangalia ukuta. Wanafunzi wawili wameacha, wanasema nawadharau. Kwenye simu ya vitufe ningewasaidia, maana kitufe cha 5 kina kidoti, kidole kinakihisi. Kioo ni laini, hakina alama. Asiyeona vizuri nimfundisheje bila kuijua kode yake? Nimdai alete mjukuu? Na mjukuu naye je?

Jana Mama Mapasa alimtuma mtoto kuniuliza kama nitakuja Jumamosi. Mtoto alikuwa ameshika franka 2,000 mkononi. Sikuzipokea, wala sikukataa, nilimwambia nitajibu. Mshauri, niende? Na yule wa Kolwezi nimjibu nini?

Binti wa Katuba