Barua ya wazi kwa Ofisa Habari: tangazo la mikopo lililofika bila kusomeka

Ndugu Ofisa Habari na Mawasiliano,

Yah: Barua pepe ya taarifa za mwezi kutoka halmashauri yetu

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Mimi ni mkazi wa halmashauri yako na katibu wa kikundi cha watu wenye ulemavu tunaofuga kuku wa mayai. Sioni tangu utotoni. Barua pepe zako nazisoma kwa kompyuta yenye kisoma skrini kinachoitwa NVDA, na nikiwa safarini kwa simu yenye TalkBack. Programu hizi hutamka kwa sauti maandishi yaliyo kwenye skrini, nami naziongoza kwa kibodi au kwa kidole.

Mwezi uliopita ulitutumia taarifa ndefu: maji, chanjo ya mifugo, leseni za biashara, ratiba ya usafi, na katikati yake tangazo la mikopo ya asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri. Unajua mgawanyo wake kuliko mimi: asilimia 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, na 2 kwa watu wenye ulemavu. Mwisho wa kupokea fomu ulikuwa tarehe 15. Tarehe 19 mwenzetu mmoja, anayetumia kiti cha magurudumu, akanipigia simu: "Katibu, fomu yetu ulipeleka?" Nikamuuliza fomu gani. Akanyamaza kidogo, akasema, "Si ile iliyokuja kwenye barua pepe. Bango lenyewe kubwa, la njano."

Barua pepe hiyo nilikuwa nimeisikiliza yote, mwanzo hadi mwisho. Nilirudi nikaisikiliza tena, mstari kwa mstari kwa mshale wa chini. Baada ya habari za leseni, NVDA ilisema `graphic bango_final_2.jpg`, kisha ikaendelea na usafi. Tangazo zima, yaani sifa za waombaji, mahali pa kuchukua fomu na siku ya mwisho, lilikuwa ndani ya picha. Hukuandika maelezo ya picha, basi programu ya barua pepe ikaweka jina la faili mahali pake, nami nikasomewa jina la faili.

Najua hukukusudia. Ndiyo maana nakuandikia jinsi barua yako inavyofika sikioni, kwa sababu ukishalijua hilo, marekebisho yenyewe hayazidi dakika kumi.

Nianze na urefu. Taarifa ile ilikuwa na maneno kama 2,400. Kwa sauti ya maneno 160 kwa dakika, hiyo ni robo saa ya kusikiliza bila kusimama. Mwenye macho haisomi hivyo. Anatupa jicho, anaona vichwa vya habari, anashuka moja kwa moja kwenye kinachomhusu. Nami ninayo njia ya kufanya hivyohivyo: nabonyeza herufi H, na NVDA inaruka hadi kichwa kinachofuata. Nikibonyeza 2, inaruka hadi kichwa cha ngazi ya pili. Kwenye simu nachagua kusogea kwa vichwa, kisha napitisha kidole chini. Taarifa yenye mambo kumi naipitia kwa sekunde chache na kujua kila kilichomo.

Kwenye barua yako nilibonyeza H, nikajibiwa `no next heading`. Hakukuwa na kichwa hata kimoja.

Hapa ndipo watu wengi hukosea, na nadhani ndipo ulipokosea wewe. Vichwa ulikuwa umeviandika. Mwenzangu amenithibitishia kwamba vilikuwa kwa herufi kubwa, vimekolezwa, vimepigiwa mstari. Sote tuliofundishwa kuandika barua za kiofisi tumezoea hivyo: unaandika Yah, unapiga mstari, anayesoma anajua jambo ni nini. Lakini kukoleza na kupiga mstari ni rangi ya juu tu. Kisoma skrini hakitazami sura ya maandishi, kinatafuta alama iliyofichwa nyuma yake inayosema "hiki ni kichwa, ngazi ya pili". Alama hiyo isipokuwepo, kwangu kichwa chako ni sentensi fupi kama nyingine.

Kuiweka ni kazi ndogo. Kama ofisini mnatumia Outlook ya kwenye kompyuta, andika kichwa chako, weka kishale ndani yake, nenda `Format Text`, kisha `Styles`, chagua `Heading 2`. Ukiona maandishi yamekuwa makubwa mno au yana rangi usiyoipenda, badilisha mtindo wenyewe, usirudi kwenye kukoleza kwa mkono. Kama mnatumia Gmail, dirisha lake la kuandikia halina sehemu ya vichwa. Andika taarifa kwenye Google Docs kwa vichwa vyake, unakili, ubandike kwenye barua. Mara nyingi vichwa huvuka salama, ila usiamini mpaka umejaribu. Na ujumbe usitumwe kwa mfumo wa `Plain Text`, maana huko hakuna kichwa kinachosalimika.

Ngazi nazo zina maana yake. Jina la taarifa liwe ngazi ya kwanza. Maji, mifugo, leseni, mikopo na usafi viwe ngazi ya pili. Kama ndani ya mikopo una "Sifa za waombaji" na "Jinsi ya kuomba", hivyo viwe ngazi ya tatu. Usichague ngazi ya nne kwa sababu tu herufi zake zinapendeza. Nikisikia nne baada ya mbili, nadhani kuna kitu nimekiruka, na narudi nyuma kukitafuta. Na kichwa kiseme jambo. "Tangazo" hakiniambii chochote, hasa yakiwa matangazo manne. "Mikopo ya asilimia 10: mwisho tarehe 15" kingetosha kunisimamisha siku ileile.

Sasa picha, ambazo ndizo zilizotuponza.

Bango la mikopo lilikuwa maandishi yaliyogeuzwa picha. Ukikutana na picha ya namna hiyo, usijaribu kulisukuma bango zima ndani ya maelezo ya picha. Maelezo hayo husomwa kwa mkupuo mmoja. Siwezi kuweka aya ndani yake, na nikitaka kunakili namba ya simu ya ofisi au kusikiliza tarehe herufi kwa herufi, inakuwa taabu. Maneno ya bango yaandike kwenye barua yenyewe, chini ya kichwa chake, kama maandishi ya kawaida. Kisha maelezo ya picha yawe mafupi: "Bango la mikopo ya asilimia 10. Maneno yake yote yako hapa chini." Hapo najua sijapitwa na kitu. Hata mwenye macho ambaye picha zake hazifunguki kwa sababu bando limekwisha atakuwa amepata habari.

Picha ya pili kwenye taarifa ile ilikuwa ya uzinduzi wa kisima. Mwenzangu alinisimulia: kina mama wawili wanachota maji bombani, ndoo zimepangwa foleni, nyuma yao tangi jipya. Picha kama hii inastahili sentensi yake, na wa kuiandika ni wewe, maana wewe ndiwe uliyeichagua na unajua kwa nini. Ukiandika "picha ya uzinduzi" hujaniambia kitu, na neno "picha" lenyewe ni la ziada kwa kuwa NVDA imeshatamka `graphic`. Ukiandika kila nguo na kila wingu, utanichosha. Jiulize ungemwambia nini mtu kwenye simu: "Kina mama wawili wakichota maji kwenye bomba jipya la kisima, ndoo nyingine zikiwa kwenye foleni." Inatosha. Lakini kama picha imewekwa ili kuonyesha kwamba tangi limekamilika, basi tangi ndilo litangulie kwenye sentensi. Picha moja inaweza kuwa na maelezo tofauti kwenye barua mbili tofauti, na yote mawili yakawa sahihi.

Kisha kuna vile vistari vya rangi unavyotenganishia habari na ua dogo pembeni. Hivyo sihitaji kusimuliwa. Kwenye Outlook, bonyeza picha kwa kitufe cha kulia cha kipanya, fungua sehemu ya `Alt Text`, uweke alama kwenye `Mark as decorative`. Kisoma skrini kitavipita kimya. Ni sehemu hiyohiyo ambamo utaandika maelezo ya zile picha nyingine. Angalia pia kama programu haijajiandikia maelezo yake yenyewe. Nimewahi kusomewa kwamba barua ya serikali yenye mhuri ni "karatasi nyeupe yenye maandishi".

Ratiba ya usafi nayo ilinisumbua, japo si sana. Uliipanga kwa kubonyeza nafasi nyingi ili safu zikae sawa. Kwa jicho ni jedwali, kwa sikio ni "Kata Siku Mahali Mjini Jumatatu sokoni Bondeni Jumatano stendi", mfululizo bila kituo. Kwa safu tatu na kata chache, ingefaa zaidi kuandika orodha: "Bondeni: Jumatano, stendi." Na pale ulipoandika kwamba kata zenye rangi nyekundu zimeahirishwa, sikujua kama yetu imo. Andika neno "imeahirishwa" mbele ya jina la kata, rangi uiache palepale kwa wanaoiona.

Kabla ya kututumia sisi, jitumie mwenyewe. NVDA ni ya bure, na inafanya kazi kwenye kompyuta yoyote ya Windows mliyo nayo hapo ofisini. Fungua barua yako, uzime skrini, ubonyeze H mpaka mwisho. Kama hukusikia neno mikopo, nami sitalisikia. Kisha bonyeza G, ambayo inaruka kutoka picha hadi picha, usikilize kila moja inajitambulishaje. Ukisikia jina la faili, hiyo bado.

Tanzania iliridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu mwaka 2009, na mwaka uliofuata tukapata Sheria ya Watu Wenye Ulemavu. Ibara ya 21 ya mkataba inataja habari za umma kutufikia kwa namna tunayoweza kuzitumia, kwa wakati, bila gharama ya ziada. Sisi tulichelewa siku nne, na kuku 200 tuliotaka kuongeza hatukuwanunua.

Ninaomba mambo mawili. Tangazo la mikopo la awamu ijayo lije kwa maandishi, chini ya kichwa chake. Na kabla ya taarifa ya mwezi huu kutoka, niruhusu nije ofisini kwako na kompyuta yangu, tuisikilize pamoja kwa nusu saa. Jumatano asubuhi sina zamu bandani.

Wako katika ujenzi wa taifa,

Katibu wa kikundi cha wafugaji