Watazamaji 3,200, lakini wametokea wapi?

Mteja wetu mmoja ni fundi cherehani, na chaneli yake ya YouTube inafundisha ushonaji. Siku moja alikuja ofisini na simu mkononi, hana raha. Video yake ya kukata sketi ya pande sita ina dakika 11, na ndani ya siku nne ilikuwa imetazamwa mara 3,200. Siku ya tano ikasimama kabisa. Tena wastani wa kutazama ulikuwa dakika 1 na sekunde 2 tu. "Watu hawana subira, kaka," akasema. "Ikateni ibaki dakika tatu."

Kuhariri video ndiyo kazi yetu, na hela ya kuikata tungeipokea bila shida. Ila kabla ya kugusa mkasi huwa tunafungua YouTube Studio, tunachagua video, tunaingia `Analytics` halafu `Reach`, na kwenye kisanduku cha `How viewers find this video` tunabonyeza `See more`. Hapo linatokea jedwali linaloonyesha kila mlango walioingilia watu, na kila mlango una wastani wake wa kutazama. Wastani ule wa jumla unawachanganya wote kwenye sufuria moja.

Kwake, watu 2,500 waliingilia `External`, yaani walibonyeza kiungo nje ya YouTube. Tulipoufungua mstari huo, karibu wote walitoka WhatsApp. Wastani wao ni sekunde 38. Tukamuuliza kiungo alikituma wapi. Kumbe alikituma kwenye kundi la kamati ya harusi, la kanisani, la wazazi wa darasa la tatu na mengine kadhaa. Hao walibonyeza kwa sababu wanampenda, wakaona chaki na kitambaa, wakatoka. Idadi ile inaeleza ukubwa wa kitabu chake cha namba za simu, na juu ya video yenyewe haisemi karibu chochote. (Si kila `External` iko hivyo. Aliyetoka Google alikuwa anatafuta kitu, huyo mhesabu upande wa watafutaji. Na viungo vingine vya WhatsApp huangukia `Direct or unknown`, programu isipoeleza mtu katokea wapi.)

Sasa mstari ambao hakuwahi kuutazama: `YouTube search`, watu 140 tu, wastani dakika 4 na sekunde 50. Hawa hawamjui wala hawamwonei haya. Waliandika shida yao, wakamkuta, wakakaa. Kama tungeikata video ibaki dakika tatu, tungekuwa tumewafukuza hawa ili kuwaridhisha wanakamati ya harusi.

Ukibonyeza mstari huo unaona maneno yenyewe waliyoandika. Wengi waliandika "jinsi ya kukata sketi ya pande sita". Lakini wapo walioandika "kuweka zipu kwenye sketi", na zipu yake inaanza dakika ya 9. Kwa hiyo hatukuikata video. Tulimshauri arekodi nyingine fupi ya zipu peke yake, na mwishoni mwa kila moja tukaweka kadi ya kwenda kwenye mwenzake.

`Browse features` ilimletea 310. Huo ni ukurasa wa kwanza wa YouTube pamoja na orodha ya chaneli ambazo mtu amejiunga nazo. Huku hakuna aliyetafuta sketi. YouTube imemwekea mtu kava mbele ya macho, naye kaamua. Kwa hiyo mlango huu unapima kava na kichwa cha habari, na unasomwa pamoja na asilimia ya waliobonyeza kati ya walioonyeshwa. YouTube wenyewe wanasema nusu ya chaneli zote ziko kati ya 2% na 10%. Ikishuka video inapoanza kuonyeshwa watu wasiokujua, usikimbilie kubadili kava, hiyo ni kawaida. Wale wa WhatsApp hawamo kabisa kwenye hesabu hii, kwa kuwa kava la nje ya YouTube halihesabiwi.

Mlango mwingine ni `Suggested videos`, kwake 90. Hii ni video yako kuwekwa pembeni au baada ya nyingine, kwa sababu watu waliotazama ile huelekea kuitazama na hii. Fungua orodha uone majirani zako ni akina nani. Ukikuta video za muziki na vichekesho wakati wewe unafundisha kushona, YouTube bado haijapata picha ya mtazamaji wako. Ukikuta video zako mwenyewe, watu wanatoka moja wanaingia nyingine, na kwetu hiyo ndiyo dalili nzuri kuliko zote kwa chaneli changa.

Miezi miwili baadaye, jirani wa kwanza kwenye orodha yake alikuwa ile video ya zipu. Makundi ya WhatsApp hayajabadilika: siku akituma kiungo `External` inapaa, kesho yake imelala.