Kwa nini tunaandika kwamba bahari inakupwa

Wiki iliyopita mwenye nyumba mmoja wa Jambiani alinipigia simu, amekasirika. "Kijana wangu, nimekulipa laki tatu na nusu unitafutie wageni, wewe unawaambia bahari inaondoka!" Si wa kwanza. Tangu tuanze kazi hii ya kuandika maelezo ya nyumba za wageni kwenye tovuti za kuwekea nafasi, lalamiko ni hilo hilo, kwa hiyo acha nilijibu hapa mara moja.

Pwani ya mashariki ya Unguja, kuanzia Paje hadi Makunduchi, mbele kuna uwanda mpana usio na kina kabla ya mwamba. Maji yakipwa, yanarudi nyuma mbali sana na unabaki mchanga, madimbwi na vigingi vya mwani. Siku za bamvua, mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, hukupwa kabisa kwenye saa nne au saa tano asubuhi, kisha hujaa tena kwenye saa kumi jioni. Kila siku saa zinasogea mbele kwa dakika 50 hivi, hivyo baada ya wiki moja, wakati wa maji mafu, asubuhi ile ile maji yamejaa. Sisi tumezaliwa nayo hayo. Mgeni aliyenunua tiketi kwa sababu ya picha ya maji ya buluu yanayogusa ngazi hajui.

Mzee mmoja, kabla hajatufahamu, alifanya njia ya mkato. Alichukua maelezo ya hoteli ya jirani, akabadilisha jina, akaweka picha zilizopigwa maji yamejaa, na picha ya chumba chake kizuri kuliko vyote akaitumia kwa vyumba sita. Wageni wawili walilipa dola 45 kwa usiku, siku tano. Walifika asubuhi ya bamvua, wakapewa chumba cha nyuma ambacho dirisha lake linatazama tangi la maji. Kesho yake wakaondoka, akawarudishia dola 180. Hizo si kitu. Alikuwa na maoni 9 yenye wastani wa alama 9. Wao wakampa 3, wastani ukashuka hadi 8.4. Ili apande hadi 8.9 tu alihitaji wageni wengine 50 wampe 9 kila mmoja, na nyumba ya vyumba sita haipati hao kwa mwezi mmoja.

Tulipokwenda kwake tulilala usiku mmoja, na chumba tulichoomba ni kile cha nyuma. Ndivyo tunavyofanya kila mahali, na ndiyo sababu ya bei yetu: siku mbili, utepe wa kupimia, na mtu wa kupiga picha kila chumba peke yake, maji yamejaa na yamekupwa. Kitanda ni futi tano kwa sita, tukaandika hivyo. Maji ya bafuni ni ya kisima, yana chumvi kidogo, tukaandika, tukaongeza kwamba ya kunywa yamo kwenye chupa chumbani. Adhana ya alfajiri inasikika vyumba vyote. Hapo mzee aliona haya, akidhani tunausema vibaya msikiti. Nikamwambia hapana, tunamwambia mgeni anakokuja. Asiyetaka atachagua kwingine kabla hajalipa.

Kuhusu bahari tuliandika: hatua 120 kutoka getini, maji yakijaa unaogelea mbele ya nyumba, yakipwa unatembea na viatu hadi karibu na mwamba, na utawakuta kina mama kwenye mashamba yao ya mwani, uwaombe ruhusa kabla ya kuwapiga picha. Sentensi hiyo ya mwisho ndiyo wageni wanayoitaja zaidi wakiandika maoni.

Chakula nacho kina taabu yake. Wengi huandika "samaki wabichi kila siku" wakanyamaza. Mgeni anaagiza pweza saa mbili usiku, jikoni hakuna pweza, ugomvi. Kwa mzee tuliandika kwamba chakula cha jioni kinaagizwa kabla ya saa sita mchana, kwa sababu samaki hununuliwa siku ile ile kwa wavuvi, na bahari ikichafuka siku za kusi huenda ukala kuku wa nazi. Asubuhi ni chapati, mayai, matunda na chai ya viungo, imo kwenye bei.

Huyu aliyenipigia simu wiki iliyopita nimemwomba asifute kitu mpaka amalize miezi mitatu. Kama na wewe unataka tuje, tuite siku za bamvua tuione bahari yako ikiwa mbali kabisa, na utuwekee kile chumba ambacho huwa unakitoa mwisho.