Nimeweza kujizuia kununua kwa simu, lakini deni la madera linanishinda

Shikamoo Shangazi,

Mimi ni muuguzi hapa Dodoma, ninaishi peke yangu kwenye chumba na sebule cha kupanga. Ninakuandikia kuhusu matumizi yangu ya hela. Sehemu moja nimeipatia njia na nitakueleza nilivyofanya. Sehemu iliyobaki inahusu watu, na hapo ndipo ninapohitaji ushauri wako.

Mkononi ninapokea 680,000. Kodi ya nyumba ni 120,000, chakula 170,000, nauli na umeme na maji na vocha 95,000, mama kijijini ninamtumia 60,000, na hisa zangu za kikoba ni 50,000. Hapo inabaki 185,000, na katika hiyo nilikusudia kuweka 100,000 kila mwezi ili nirudi chuo kujiendeleza. Kwenye karatasi hesabu inakaa vizuri. Lakini mwezi ulikuwa ukifika katikati nakuta ya chuo imeshaguswa, na sioni kitu kikubwa nilichonunua.

Mwezi wa tatu nikachukua taarifa ya miamala kwenye simu nikainakili yote kwenye daftari. Pembeni ya kila malipo niliandika saa, na nilikuwa ninatoka wapi au ninafanya nini wakati ule. Dera 25,000. Viatu vya mtumba 18,000. Wigi 65,000. Manukato 30,000. Chipsi kuku za kuletewa na bodaboda, zote pamoja 63,000. Jumla ni 201,000, yaani ile 185,000 yote iliisha na nyingine 16,000 nikaikopa kwenye simu, ambako inakatwa na makato yake mara tu hela ikiingia.

Kilichonishtua zaidi ni zile saa. Karibu kila kitu kilinunuliwa katika nyakati mbili. Wakati wa kwanza ni kuanzia saa mbili hadi saa nne asubuhi, nikiwa nimetoka zamu ya usiku. Usiku wa wodini unaujua mwenyewe, Shangazi: ukiwa umempoteza mgonjwa, au ndugu wa mgonjwa wamekufokea, unafika nyumbani mwili umechoka lakini usingizi hauji. Unalala kitandani na sare yako, unafungua simu, unaanza kuangalia picha za wauzaji. Wakati wa pili ni usiku wa siku za mapumziko, saa mbili hadi saa nne, nikiwa sina wa kuongea naye na chumba kimenyamaza. Asubuhi nilinunua kwa sababu ya mambo ya kazini, usiku kwa sababu ya upweke. Tena lile dera na lile wigi nilivikuta bado vimo kwenye mifuko yake, sijavivaa hata mara moja. Viatu ndivyo nilivyovaa mpaka soli ikalika, na kumbe hivyo nilivinunua mchana, nikitoka sokoni kwa miguu.

Kuanzia hapo nikajiwekea utaratibu. Nikitoka zamu ya usiku sinunui kitu kabla sijala na kulala. Ninakunywa uji, ninaoga, simu inabaki sebuleni kwenye chaji. Kitu nilichokitamani ninakiandika kwenye daftari pamoja na bei yake, halafu ninakiangalia nikiamka. Kama bei inazidi 30,000, ninakiacha hadi siku ya mapumziko inayofuata. Vingi nikivisoma baada ya kulala sikumbuki hata nilivipendea nini. Vichache vinabaki moyoni, na hivyo ninavinunua bila wasiwasi, kwa sababu sikusudii kuishi kama mfungwa.

Jambo la pili ni laini za simu. Nina laini mbili. Hela ya mwezi mzima nilikuwa nikiiweka kwenye laini moja, kwa hiyo nikiangalia salio ninaona 400,000 na roho inasema hela ipo, hali humo mna kodi na mama na umeme. Sasa mshahara ukiingia ninalipa kodi na kumtumia mama siku hiyohiyo. Ya chuo ninaiacha benki, kwenye akaunti ambayo sikuiunganisha na simu. Kuitoa lazima niende mwenyewe. Laini ya pili ninaiwekea 40,000 tu, na hiyo ndiyo ya kujifurahisha. Ikiisha imeisha mpaka mwezi ujao. Na zile huduma za kukopa salio likipungua nimejitoa, maana zenyewe ndizo zilikuwa zinafanya hela isionekane kuisha.

Usiku wa mapumziko umenichukua muda zaidi. Kuzinyamazisha hali za wauzaji kwenye WhatsApp kulisaidia kiasi, ila nilipoacha simu bila kuwa na jambo jingine la kufanya, niliirudia. Siku hizi saa zile ninampigia mdogo wangu aliyeko Singida, au ninakwenda kwa jirani tunachambua mboga za kesho huku tunaongea. Nikiwa na mtu, hamu ya kununua hainijii.

Sasa nifike kwenye ninalokuombea ushauri. Kuna dada mmoja anatuletea madera na vitenge hapa kazini. Anakuja wakati wa kubadilishana zamu, anafungua furushi lake kwenye chumba cha kubadilishia nguo, na sisi tuliotoka usiku ndio tunaokuwa wa kwanza kuchagua. Keshi dera ni 22,000. Kwa mkopo ni 28,000, unalipa mshahara ukitoka. Utaratibu wangu wote unaishia hapo, Shangazi. Nikimwambia ngoja nikalale kwanza, ananijibu, "Chukua tu mdogo wangu, nani kakudai hela leo?" Nikisema sina, anasema ndiyo maana anakopesha. Laini ya 40,000 haiguswi, daftari langu halina la kuandika, lakini jina langu limeandikwa kwenye daftari lake. Mwezi uliopita manunuzi yangu ya kwenye simu yalishuka hadi 38,000, nikafurahi, kisha mwisho wa mwezi nikamlipa yeye 56,000 za madera mawili. Zilitoka kwenye hela ya chuo.

Na si mtu baki. Tuko naye kikoba kimoja. Mama yangu alipolazwa, yeye ndiye aliyezunguka kuchangisha. Ana watoto watatu na biashara hii ndiyo inayowalisha. Nikikataa kila mara naogopa ataona ninamdharau au kwamba wema wake nimeusahau. Wenzangu wananiambia nipite mlango mwingine akija, lakini mtu aliyenifaa siwezi kumkimbia kama mdaiwa sugu.

Nimefikiria nimfuate nyumbani kwake siku ya mapumziko, nikiwa nimelala vizuri, nimwambie wazi kwamba kuanzia sasa nitanunua kwake kwa keshi tu, mara moja kwa mwezi, siku mbili tatu baada ya mshahara, na nimwombe asinipe kitu nikitoka zamu ya usiku hata nikikitaka mwenyewe. Kwa bei ya keshi yeye atakosa ile 6,000 ya mkopo kwa kila dera, na ndiyo faida anayoitegemea, kwa hiyo sijui kama nitakuwa ninamwomba haki au ninamwumiza. Nifanye hivyo? Na nikifika kwake nianzie wapi, nitaje habari ya chuo, au niseme tu kwamba nimeacha kukopa?

Mwanao,
Muuguzi, Dodoma